Ampisilini na mwenzake: shajara ya mradi wa antibiotiki mbili mbili

Machi, wiki ya kwanza

Mradi umeanza kwa swali la daktari wa wodi. Alikuwa na mgonjwa mwenye maambukizi kwenye vali ya moyo, damu yake imeotesha bakteria aitwaye enterokokasi, na ampisilini inaonekana kufanya kazi kwenye majibu ya maabara. Akauliza kuhusu dawa ya pili, jentamaisini: "Niongeze jenta, au ninamuumiza figo bure?" Majibu tuliyokuwa nayo hayakuweza kumjibu. Yalisema kila dawa peke yake inazuia kimelea kwa kiwango gani. Hayakusema zikikutana nini kinatokea.

Nimekubaliana na msimamizi wangu kwamba nitachukua jozi chache na kuzifuatilia kwa undani badala ya kupima dawa ishirini. Jozi ya kwanza ni ampisilini na jentamaisini dhidi ya *Enterococcus faecalis*. Hii ni jozi yenye historia ndefu: tangu miaka ya 1940 waganga waliona kwamba penisilini peke yake ilishindwa kuponya maambukizi ya enterokokasi kwenye moyo, na kwamba wagonjwa walianza kupona ilipochanganywa na streptomaisini. Jentamaisini ilichukua nafasi ya streptomaisini baadaye. Jozi ya pili ni ya upande wa pili wa shilingi, ampisilini na kloramfenikoli dhidi ya *Escherichia coli*, mahali ambapo dawa ya pili inaharibu kazi ya kwanza.

Kuna matokeo matatu ninayoyatafuta, na nitayaita hivi humu ndani. Kusaidiana ni pale dawa mbili zinapofanya zaidi ya kile ambacho ungetarajia kwa kujumlisha kazi ya kila moja. Kupingana ni pale zinapofanya pungufu kuliko ile iliyo bora kati yao ikiachwa peke yake. Katikati ni kutojaliana, na ninatarajia jozi nyingi zinazoandikwa kwenye mafaili ya wagonjwa zimo humo.

Machi, katikati

Nimeanza na jaribio la drafti. Sahani ya plastiki yenye visima 96, safu nane kwa nguzo kumi na mbili. Ampisilini inapangwa kwenda kulia, kila nguzo ikiwa na mara mbili ya iliyotangulia, kutoka 0.03 hadi miligramu 8 kwa lita. Jentamaisini inapangwa kupanda juu, kutoka 0.5 hadi 32. Nguzo ya kwanza haina ampisilini, na safu ya chini haina jentamaisini, kwa hiyo sahani moja inanipa kila dawa peke yake na mchanganyiko wake wote. Nguzo ya kumi na moja ina kimelea bila dawa, lazima ioteshe. Ya kumi na mbili ina mchuzi mtupu, lazima ibaki safi. Moja kati ya hizo mbili ikienda kinyume, sahani nzima haisomwi.

Jambo linalohitaji uangalifu ni hesabu ya ujazo. Kila kisima kina maikrolita 100 kwa jumla: 25 za ampisilini, 25 za jentamaisini, 50 za kimelea. Dawa zote mbili zinatayarishwa kwa nguvu mara nne ya ile ninayoitaka mwishoni, kwa sababu robo ya ujazo wa kisima inazipunguza mara nne. Kimelea kinaingia kikiwa takriban milioni moja kwa mililita ili kibaki laki tano. Mzigo wa bakteria ukizidi hapo, ampisilini huonekana dhaifu kuliko ilivyo, na kila kinachofuata kinapotoka.

Kimelea cha kuanzia ni ATCC 29212, enterokokasi wa rejea ambaye maabara nyingi wanaye. Faida yake ni kwamba mipaka yake inajulikana: ampisilini inapaswa kumzuia kati ya 0.5 na 2, jentamaisini kati ya 4 na 16. Tukisoma nje ya hapo, tatizo liko kwenye benchi na si kwenye kimelea.

Baada ya usiku mmoja kwenye inkubeta ya nyuzi 35, sahani inasomwa kwa macho. Kisima chenye kitone au ukungu chini kimeotesha, kilicho wazi hakijaotesha. Ampisilini peke yake ilizuia kwa 1, jentamaisini peke yake kwa 8. Zote mbili zimo ndani ya mipaka. Kwenye mchanganyiko, kisima bora kilichobaki wazi kilikuwa na ampisilini 0.125 pamoja na jentamaisini 4.

Hesabu yake ni hii, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye jedwali letu la kompyuta:

```
FICI = A/MIC_A + B/MIC_B
FICI = 0.125/1 + 4/8 = 0.625
```

FICI ndiyo jumla tunayoisoma. MIC ni kiwango kidogo kabisa cha dawa kinachozuia kimelea, dawa hiyo ikiwa peke yake. A na B ni viwango vya dawa hizo zikiwa pamoja kwenye kisima kilicho wazi. Jumla ikiwa 0.5 au pungufu, tunasema zinasaidiana. Ikizidi 4, zinapingana. Kilichoko katikati ni kutojaliana. Yaani kwa drafti, jozi ambayo imetibu maambukizi ya moyo kwa miongo mingi inahesabiwa kuwa haijaliani.

Nilimwambia msimamizi, "Mama, drafti imetoka 0.625." Akajibu, "Umeuliza swali la kuzuia, umepata jibu la kuzuia. Sasa uliza la kuua."

Machi, mwishoni

Kabla ya kuendelea, nimejaribu mipaka yenyewe. Nimepanga drafti ya ampisilini dhidi ya ampisilini, kana kwamba ni dawa mbili tofauti. Kimantiki jumla inapaswa kuwa 1 kila mara, kwa sababu nusu ya dawa na nusu nyingine ya dawa hiyo hiyo ni dawa nzima. Lakini sahani zinazopimwa kwa hatua za mara mbili hazina uwezo wa kuona tofauti ndogo. Kusoma kisima kimoja kulia au kushoto ni kosa la kawaida linalokubalika, na kisima kimoja tu kinageuza jumla hiyo kutoka 1 kwenda 0.5 au 2. Ndiyo maana mipaka imewekwa mbali, 0.5 upande mmoja na 4 upande wa pili. Ninapoona mtu ameandika kwamba jozi yake "inasaidiana kidogo" kwa sababu jumla ni 0.7, ninajua ameisoma kelele ya kipimo.

Kwa hiyo 0.625 ya enterokokasi haisemi kwamba jozi ni dhaifu. Inasema drafti haina macho ya kuona kinachotokea. Kisima kilicho wazi kinaweza kuwa na bakteria laki tano kwa mililita walio hai lakini waliosimama kukua, au kisiwe na hata mmoja. Kwa jicho vyote viwili ni maji safi.

Aprili, wiki ya kwanza

Tumehamia kwenye jaribio la kuua kwa saa. Chupa nne za mililita 20 za mchuzi wa Mueller-Hinton, kila moja ikianza na enterokokasi takriban milioni moja kwa mililita. Ya kwanza haina dawa. Ya pili ina ampisilini 2, mara mbili ya kile kinachozuia. Ya tatu ina jentamaisini 4, nusu ya kile kinachozuia, makusudi ili ikiwa peke yake isifanye lolote la maana. Ya nne ina zote mbili. Sampuli zinachukuliwa mwanzoni, saa ya 4, saa ya 8 na saa ya 24, zinapunguzwa mara kumi kumi kwenye maji ya chumvi, zinamwagwa kwenye agari, na makoloni yanahesabiwa kesho yake.

Jedwali la saa ya 24 lilisomeka hivi, kwa wastani wa marudio yetu. Chupa isiyo na dawa ilifika takriban bilioni moja. Ya jentamaisini peke yake ilikuwa milioni mia kadhaa, yaani dawa ile haikuonekana hata kuwepo. Ya ampisilini peke yake ilishuka kutoka milioni moja hadi laki mbili tu. Ya mchanganyiko ilishuka hadi 400.

Hapo ndipo jozi ilipojionyesha. Kanuni ya jaribio hili ni kwamba mchanganyiko uwe umeacha bakteria pungufu mara mia au zaidi kuliko dawa bora iliyo peke yake, na hiyo ndiyo kusaidiana. Laki mbili kwa 400 ni pungufu mara mia tano. Kanuni ya pili ni ya kuua: idadi ya mwanzo ipungue mara elfu moja. Milioni moja kwa 400 ni mara elfu mbili na mia tano. Ampisilini peke yake, kwa kushuka mara tano tu, haijaua enterokokasi kwa maana hiyo. Imemsimamisha.

Tabia hii ya enterokokasi inajulikana: ampisilini na penisilini zinamzuia kukua bila kumuua vizuri. Kwenye mkojo hilo halina shida kubwa, maana chembe nyeupe za damu zinamalizia kazi na dawa inajikusanya kwa wingi huko. Kwenye vali ya moyo bakteria wamefunikwa ndani ya donge la damu iliyoganda, chembe nyeupe haziwafikii, na dawa ndiyo inayopaswa kuua yenyewe. Mgonjwa akipewa dawa ya kusimamisha tu, homa inatulia, dozi inakwisha, na bakteria waliobaki wanaanza upya.

Kuhusu hesabu hiyo ya 400, nimeweka tahadhari kwenye daftari. Tunamwaga maikrolita 100 kwenye sahani, kwa hiyo 400 kwa mililita ni makoloni 40 tu. Chini ya makoloni 30 hesabu haiaminiki. Na sampuli ambayo haijapunguzwa bado ina ampisilini ndani yake, ambayo inaweza kuendelea kuwazuia bakteria pale pale kwenye agari na kukufanya udhani wamekufa. Tunaipima hofu hiyo kila mara: idadi inayojulikana ya bakteria inachanganywa na dawa dakika hiyo hiyo na kumwagwa, kisha inalinganishwa na idadi ile ile bila dawa. Sahani mbili zikitofautiana, tunaongeza penisilinesi, kimeng'enya kinachoivunja ampisilini, kabla ya kumwaga. Jaribio la kuua lisilo na kipimo hiki siliamini hata likiwa na grafu nzuri.

Aprili, kabla ya Pasaka

Nimeandika sababu ya kusaidiana kwa ajili ya daktari wa wodi, kwa sababu sababu hiyo ndiyo inayotabiri lini jozi itashindwa.

Jentamaisini inaua kwa kushika ribosomu, mashine ya ndani inayotengeneza protini. Kwa enterokokasi shida yake ni kuingia. Bakteria huyu anaishi bila kutegemea oksijeni kwa nishati yake, na jentamaisini inategemea nguvu ile ile ya kupumua ili ivutwe ndani, kwa hiyo kwa kawaida inabaki nje. Ndiyo maana kiwango cha 8 au 16, ambacho kwa bakteria wengine kingekuwa usugu, kwa enterokokasi ni hali ya kawaida. Ampisilini inapovuruga ujenzi wa ukuta, jentamaisini inapenya. Mwaka 1971 Moellering na Weinberg walilionyesha hili wazi kwa kutumia streptomaisini iliyotiwa alama ya kaboni yenye mnururisho: penisilini ilipokuwepo, dawa nyingi zaidi ilionekana ndani ya seli.

Kwa hiyo masharti ni mawili. Ampisilini iweze kuvuruga ukuta, na jentamaisini ikishafika ndani iweze kufanya kazi. Sharti lolote likivunjika, kusaidiana kunakwisha, hata kama kwenye karatasi umeandika dawa mbili.

Mei, wiki ya pili

Sharti la pili ndilo linalovunjika zaidi. Kuna enterokokasi wenye kimeng'enya kinachobandika kemikali kwenye jentamaisini ndani ya seli, ikashindwa kushika ribosomu. Kwao kiwango kinachozuia kinapanda kupita 500. Hakuna dozi ya binadamu inayofika huko.

Kuwatambua ni rahisi kuliko kazi yote niliyoifanya hadi sasa, na hili ningependa kila maabara ya hospitali ilifanye kwa kila enterokokasi anayetoka kwenye damu. Kidonge cha karatasi cha jentamaisini cha kawaida kina maikrogramu 10, na hicho hakifai hapa, kitasema sugu kwa kila mmoja. Kinachotakiwa ni cha maikrogramu 120. Duara tupu lisilootesha bakteria kuzunguka kidonge kwenye agari likiwa milimita 10 au zaidi, kusaidiana kunawezekana. Likiwa 6, yaani hakuna duara nje ya kidonge chenyewe, usahau. Kati ya 7 na 9 jibu halijulikani, na inabidi kupima kwa agari au mchuzi wenye 500. Tunatumia ATCC 51299 kama kimelea sugu cha kulinganisha na 29212 kama anayekubali, kwenye kila kundi la vidonge jipya.

Kwenye mkusanyiko wetu wa vimelea vilivyogandishwa tumechagua enterokokasi mmoja asiye na duara. Ampisilini inamzuia kwa 1, sawasawa na yule wa kwanza. Tukirudia jaribio la kuua, chupa ya ampisilini iliishia laki mbili na kidogo, na chupa ya ampisilini na jentamaisini iliishia karibu laki mbili. Mistari miwili ya grafu imelaliana.

Nilimpigia daktari. "Shikamoo daktari, nina jibu la swali lako la jenta."

"Marahaba. Sema."

"Kidonge cha 120 kikiwa na duara, jenta inaua pamoja na ampi, na dozi yake ni ndogo kwa sababu kazi ya kupenya inafanywa na mwenzake. Kisipokuwa na duara, unachoongeza ni sumu ya figo na masikio tu."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza lile ninalolifanyia kazi sasa: "Na huyo asiye na duara nimpe nini?"

Nitarudi hapo. Kwanza jozi ya pili.

Mei, mwishoni

*Escherichia coli*, ATCC 25922. Ampisilini inamzuia kwa 4, kloramfenikoli kwa 4. Nimeanza tena na drafti ili kulinganisha, na jumla imekuja kuwa 1. Kutojaliana kabisa. Kwa anayesoma drafti peke yake, kuchanganya dawa hizi hakuna faida wala hasara.

Kisha chupa nne. Ampisilini 16 peke yake ilimshusha kutoka milioni moja hadi takriban elfu moja kwa saa 4 tu, na kufika saa ya 24 hatukuweza kuhesabu makoloni ya kutosha. Kloramfenikoli 8 peke yake ilimweka pale pale alipoanza, laki nane, laki saba, bila kupanda wala kushuka kwa maana. Hiyo ni dawa ya kusimamisha inayofanya kazi yake. Chupa yenye zote mbili, saa ya 4, ilikuwa na laki saba. Saa ya 24 ilikuwa na laki tatu. Ampisilini iliyokuwa imeua karibu wote imekuwa kama haipo.

Sababu yake ni jinsi ampisilini inavyoua. Bakteria anayekua ni kama fundi anayepanua nyumba huku watu wamo ndani: anabomoa kipande cha ukuta wa zamani na kujenga kipana zaidi, papo hapo, siku nzima. Ampisilini inamfunga mikono ya kujenga lakini haizuii ubomoaji, kwa hiyo ukuta unazidi kuwa na matundu hadi seli inapasuka kwa shinikizo lake la ndani. Kloramfenikoli inasimamisha utengenezaji wa protini, na bakteria anaacha kukua. Kazi yote inasimama, na ubomoaji nao unasimama. Ampisilini inakuta hakuna kinachobomolewa.

Hapa pia tumejaribu mfuatano. Chupa moja ilipewa ampisilini kwanza, kloramfenikoli ikaongezwa saa mbili baadaye. Nyingine ikapewa kinyume. Iliyotanguliza ampisilini ilishuka sana ndani ya saa mbili hizo, kisha ikasimama pale ilipokuwa. Iliyotanguliza kloramfenikoli haikushuka hata kidogo. Kwa hiyo kupingana huku si suala la kemikali mbili kuharibiana kwenye chupa. Ni suala la hali aliyo nayo bakteria dakika ampisilini inapomkuta.

Juni, wiki ya kwanza

Msimamizi ameuliza swali zuri: kama hii ni kweli, mbona watoto wengi Afrika Mashariki wenye homa ya uti wa mgongo walitibiwa kwa miaka mingi na penisilini au ampisilini pamoja na kloramfenikoli, na wakapona?

Jibu liko kwenye kimelea. Kwa bakteria watatu wakubwa wa homa ya uti wa mgongo kwa watoto, yaani nimokokasi, meningokokasi na hemofilusi, kloramfenikoli haisimamishi tu, inaua yenyewe. Dawa mbili zinazoua hazina sababu ile ile ya kupingana. Kwa *E. coli* na jamaa zake wa utumboni, ambao huwashambulia zaidi watoto wachanga, ni dawa ya kusimamisha. Kwa hiyo lebo ya "dawa ya kuua" au "dawa ya kusimamisha" haiwi ya dawa. Ni ya dawa na kimelea kwa pamoja, na kila jozi inabidi iulizwe dhidi ya nani.

Ushahidi wa wagonjwa upo, nao ni mzito. Mwaka 1951 Lepper na Dowling, huko Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa wa homa ya uti wa mgongo iliyosababishwa na nimokokasi. Waliotibiwa kwa penisilini peke yake walikuwa 43, na asilimia 30 walifariki. Waliopewa penisilini ile ile pamoja na klorotetrasaiklini, dawa mpya ya wakati huo, walikuwa 14, na asilimia 79 walifariki. Tetrasaiklini inamsimamisha nimokokasi. Dawa ya pili iliongezwa kwa nia njema kabisa, na iliwaondolea wagonjwa faida ya ya kwanza.

Nimeona watu wakilichukua jibu hilo na kulifanya kanuni ya kila mahali: usichanganye kabisa dawa ya kuua na ya kusimamisha. Hiyo inazidi ushahidi. Majimaji ya uti wa mgongo yana kinga hafifu sana ya mwili, vali ya moyo inakosa chembe nyeupe, na mgonjwa aliyeishiwa chembe hizo kwa dawa za saratani hana msaada mwingine. Katika hali hizo tatu tofauti kati ya kuua na kusimamisha ni tofauti ya uhai. Kwenye nimonia ya kawaida, kwa mgonjwa mwenye kinga nzuri, dawa za kundi la penisilini hupewa pamoja na doksisaiklini au azithromaisini kila siku, kwa sababu dawa ya pili inawashika vimelea ambao ya kwanza haiwezi kabisa, na wagonjwa hawadhuriki kwa kupingana huko.

Nimeongeza ukurasa mfupi kuhusu kapsuli za ampisilini na kloksasilini zinazouzwa pamoja, ampiklox ya dukani, maana kila mtu ananiuliza. Shirika la Afya Duniani limeuweka mchanganyiko huo kwenye orodha ya michanganyiko isiyopendekezwa. Anayeumwa kimelea kinachohitaji kloksasilini anapata nusu ya kapsuli yenye kumfaa, na nusu nyingine inawafundisha usugu bakteria wa utumbo wake.

Juni, katikati

Narudi kwa yule enterokokasi asiye na duara. Tunajaribu ampisilini na seftriaksoni. Kwa mtu anayesoma majibu ya kawaida ya maabara ni jozi ya ajabu, kwa sababu enterokokasi kwa asili yake ni sugu kwa seftriaksoni, na dawa hizi mbili zinashambulia kitu kimoja, ujenzi wa ukuta.

Sababu ni kwamba vimeng'enya vinavyojenga ukuta viko kadhaa. Ampisilini kwa kiwango cha kawaida inashika baadhi na kuacha vingine vikiendelea kuziba pengo. Seftriaksoni, isiyoweza kumzuia bakteria huyu peke yake, inavishika vile vilivyoachwa. Hapa hakuna kupenya wala ribosomu, kwa hiyo kimeng'enya kinachoharibu jentamaisini hakina la kufanya.

Chupa zimesomwa leo asubuhi. Seftriaksoni peke yake: mamia ya mamilioni, kama isiyo na dawa. Ampisilini peke yake: laki mbili, kama mara zote. Pamoja: takriban 1,500. Pungufu mara mia na zaidi, kwa hiyo kusaidiana kumefikiwa. Upungufu kutoka mwanzo ni mara mia sita na kidogo, haujafika elfu moja. Ni kusaidiana kwa kweli, ila kwa kimelea huyu kwenye chupa hizi bado si kuua kwa kipimo kamili, na nimeliandika hivyo bila kulizungusha.

Wodini jozi hii tayari ina rekodi. Mwaka 2013 watafiti wa Hispania na wenzao walichapisha ulinganisho wa wagonjwa wa moyo wenye *E. faecalis* waliopewa ampisilini na seftriaksoni dhidi ya waliopewa ampisilini na jentamaisini. Vifo havikutofautiana, na walioharibikiwa figo walikuwa wachache sana upande wa seftriaksoni. Haukuwa utafiti wa kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo tofauti ndogo za kuponya hauwezi kuzithibitisha.

Mpaka wake niliuandika kwa wino mwekundu: hii ni kwa *faecalis*. Ndugu yake *Enterococcus faecium* mara nyingi ni sugu kwa ampisilini yenyewe, na bila ampisilini kufanya kazi hakuna cha seftriaksoni kukamilisha. Kabla ya kutoa ushauri wowote maabara lazima itaje ni yupi kati ya hao wawili.

Daktari nimempa karatasi moja ya kuweka kwenye faili: jina kamili la kimelea, jibu la ampisilini, kipimo cha duara la kidonge cha 120, na dawa ya pili inayofaa kulingana na duara hilo. Maabara ya hospitali imekubali kuagiza vidonge vya 120. Kazi iliyobaki upande wangu ni kurudia jozi ya seftriaksoni na ampisilini kwa viwango vya juu zaidi, vile vinavyofikiwa kwenye damu ya mgonjwa anayechomwa dozi za moyo, na kwa enterokokasi wengine sugu kutoka kwenye jokofu, nione kama ile mara elfu moja inapatikana kwa wote au kwa baadhi tu.